Histogramu ya MACD na mstari wa sifuri kwenye chati za sarafu zinazoyumba: mwongozo kamili

Anza na jaribio ambalo halihitaji chati. Chukua sarafu iliyokaa kwenye dola 100 muda mrefu mpaka wastani wote umelala hapo. Mshumaa mmoja unairusha hadi 110, kisha bei inaganda kwenye 110 bila kupanda wala kushuka hata senti. MACD, kile kipimo cha kasi ya bei, kwa mpangilio wake wa kawaida wa 12, 26, 9, itafanya nini?

Nimekokotoa hesabu hiyo mshumaa kwa mshumaa. Histogramu, zile nguzo zinazochorwa juu na chini ya mstari wa sifuri, inapanda kutoka 0.64 hadi kilele cha 1.22 kwenye mshumaa wa nne. Kuanzia wa tano inaanza kufupika. Mshumaa wa kumi na tano inavuka sifuri kwenda chini, na programu nyingi zitakuandikia hapo kwamba ni ishara ya kuuza. Bei bado iko 110. Hakuna aliyeuza, hakuna kilichoanguka. Na mstari wenyewe wa MACD? Uko juu ya sifuri kwa zaidi ya pointi 2, na utaendelea kukaa juu huku ukishuka polepole.

Ukielewa kwa nini ilikuwa hivyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu umeshaimaliza. Watu wengi wanaoungua na MACD kwenye sarafu za kidijitali wanaisoma histogramu kana kwamba inaeleza bei. Haielezi bei.

Hatua ya 1: Jua kila sehemu inapima nini

MACD ilibuniwa na Gerald Appel miaka ya 1970 kwa ajili ya soko la hisa. Histogramu iliongezwa baadaye na Thomas Aspray, mwaka 1986. Hesabu zake ni fupi:

```
MACD       = EMA(12) - EMA(26)
Ishara     = EMA(9) ya MACD
Histogramu = MACD - Ishara
```

EMA ni wastani unaosonga unaoipa bei ya karibuni uzito mkubwa kuliko ya zamani. Ule wa 12 unaikimbilia bei haraka, wa 26 unajikokota nyuma. Bei ikipanda, wa 12 unatangulia na pengo kati yao linafunguka. Pengo hilo ndilo mstari wa MACD.

Sasa fikiria sarafu inayopanda dola 1 kila mshumaa, taratibu, bila kubadilika. Wastani wa 12 utabaki nyuma ya bei kwa dola 5.50, na wa 26 kwa dola 12.50. Tofauti ni dola 7, kwa hiyo MACD itatulia kwenye 7 na kukaa hapo. Sarafu ikipanda dola 2 kila mshumaa, MACD itatulia kwenye 14. Kwa maneno mengine, urefu wa MACD kutoka sifuri unakuonyesha kasi ya bei: ugawe kwa 7, utapata kwa makadirio bei imekuwa ikienda kiasi gani kwa mshumaa mmoja.

Na histogramu ya sarafu hiyo inayopanda dola 1 kila mshumaa ni ngapi? Sifuri. MACD imetulia kwenye 7, mstari wa ishara umeifikia hapo hapo kwenye 7, tofauti imeisha. Bei inapanda vizuri kabisa na histogramu imelala chini kama hakuna kitu. Kwa hiyo MACD inasoma kasi, na histogramu inasoma mabadiliko ya kasi. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta gari bado linakwenda mbele. Histogramu inaona mguu, haioni gari.

Kuna ukweli mmoja wa kihesabu ambao ni nadra kuuona umeandikwa: kwa mpangilio wa 9, histogramu siku zote ni sawasawa na mara nne ya hatua ambayo mstari wa ishara umepiga kwenye mshumaa huo. Ukiona histogramu ni 1.17, ujue mstari wa ishara umepanda takriban 0.29. Histogramu ikiwa juu ya sifuri, mstari wa ishara lazima unapanda. Ikiwa chini, lazima unashuka. Ndiyo maana kuangalia histogramu na kuangalia mteremko wa mstari wa ishara ni kitu kimoja, na mtu anayekwambia ana uthibitisho wa mambo hayo mawili ana uthibitisho mmoja tu.

Hatua ya 2: Andaa chati kabla ya kusoma chochote

Usibadilishe 12, 26, 9 mwanzoni. Kuna wanaotumia 8, 21, 5 kwa madai kwamba sarafu zinaenda mbio kuliko hisa. Ni kweli zinaenda mbio, lakini kufupisha namba kunakuongezea ishara za uongo kwa wingi uleule unaokuongezea ishara za mapema. Kama unataka mwitikio wa haraka, shuka kwenye mshumaa mfupi zaidi na uache namba zilivyo.

Chagua mshumaa wa siku na wa saa nne. Chini ya saa moja, sarafu ndogo zina kelele kiasi kwamba histogramu inageuka kila unapopepesa jicho, na ada za kununua na kuuza zinakula kilichobaki.

Jambo la tatu ni saa za kufunga mshumaa. Soko la sarafu halilali, lakini chati nyingi hufunga mshumaa wa siku saa sita usiku kwa saa za UTC. Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa tisa usiku, Lubumbashi saa nane usiku, Muscat saa kumi alfajiri. Mishumaa ya saa nne kwa saa za Afrika Mashariki inafunga saa tisa usiku, saa moja asubuhi, saa tano asubuhi, saa tisa alasiri, saa moja jioni na saa tano usiku. Zishike kichwani, kwa sababu histogramu ya mshumaa ambao haujafunga inabadilika kila bei inapotikisika. Utaona nguzo imefupika saa tisa na nusu, saa kumi imerefuka tena, na ikifika saa moja jioni imekuwa ndefu kuliko ya jana. Kitu ambacho hakijafunga si ushahidi. Ukiweka arifa kwenye TradingView, programu ya kusomea chati, chagua ile ya `Once Per Bar Close`, la sivyo simu itakuita kwa mambo ambayo baadaye hayataonekana kabisa kwenye chati.

La nne ni historia ya kutosha. Sarafu iliyoorodheshwa wiki iliyopita haina MACD ya siku ya kuaminika. Mstari wa ishara unaanza kuchorwa mshumaa wa 34, lakini kuchorwa si kuiva. EMA ya 26 baada ya mishumaa 26 bado ina takriban asilimia 13 ya uzito wake kutoka kwenye namba iliyoanzia. Baada ya mishumaa 100 uzito huo umeshuka chini ya sehemu moja ya elfu. Mimi naiacha sarafu yoyote isiyo na mishumaa 100 ya muda ninaoutumia. Hii pia ndiyo sababu sarafu ileile inaweza kuonyesha MACD tofauti kwenye masoko mawili: moja lilianza kuiuza mapema kuliko jingine.

Hatua ya 3: Igawe kwa ATR

Hapa ndipo sarafu zinatofautiana na hisa za kampuni kubwa, na ndipo miongozo mingi inapokimbia.

MACD inatoka kwa dola, si kwa asilimia. Bitcoin ikiwa dola 20,000, MACD ya 500 ni mwendo mzito. Ikiwa dola 60,000, 500 hiyohiyo ni upepo. Ukirudisha chati nyuma na kulinganisha urefu wa nguzo za mwaka huu na za miaka mitatu iliyopita, unalinganisha vitu viwili visivyofanana. Kwa sarafu zinazopanda mara tano ndani ya miezi michache, kosa hili linatokea hata ndani ya chati moja: nguzo za mwanzo wa mwendo zinaonekana kama nyasi na za mwisho kama minazi, na unadhani nguvu inaongezeka kumbe ni bei tu imekua.

Dawa yake ni kuigawa kwa ATR, yaani wastani wa upana halisi wa mishumaa 14 ya karibuni. ATR inakwambia sarafu hii kwa kawaida inatikisika kiasi gani kwa mshumaa mmoja. Ukishagawa, unasoma MACD kwa kipimo cha mtikisiko wa sarafu yenyewe. Kwenye TradingView bandika hii kwenye Pine Editor:

```
//@version=5
indicator("MACD kwa ATR")
[m, s, h] = ta.macd(close, 12, 26, 9)
a = ta.atr(14)
plot(h / a, style=plot.style_columns)
plot(m / a)
hline(0)
```

Sasa 0.1 inamaanisha kitu kimoja kwenye Bitcoin, kwenye Solana na kwenye sarafu ya mbwa uliyoambiwa jana kwenye kundi la WhatsApp: MACD imeachana na sifuri kwa sehemu ya kumi tu ya mtikisiko wa kawaida. Hicho ni kidogo mno kujengea uamuzi.

Hatua ya 4: Soma kugeuka kwa histogramu

Kwenye MACD ya TradingView nguzo zina rangi nne. Kijani iliyokolea: iko juu ya sifuri na inarefuka. Kijani iliyopauka: iko juu lakini inafupika. Nyekundu iliyokolea: iko chini na inarefuka kwenda chini. Nyekundu iliyopauka: iko chini lakini inafupika kurudi juu. Kugeuka kwa histogramu ni pale rangi inapotoka kukolea kwenda kupauka. Ndiyo taarifa ya kwanza kabisa ambayo MACD inaweza kukupa, na kwa sababu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Udhaifu wake ni kwamba kugeuka huko kuna sababu tatu tofauti na nguzo hazikwambii ni ipi. Huenda bei imegeuka kweli. Huenda bei imesimama tu, kama kwenye jaribio letu la dola 110. Huenda bei bado inaenda kulekule ila kwa hatua fupi zaidi. Kwenye hali zote tatu nguzo zinapauka vilevile. Kwa hiyo kila unapoona rangi imepauka, pandisha macho kwenye mishumaa na ujiulize ni ipi kati ya hizo tatu.

Namna yangu ya kuzitenganisha ni hii. Nasubiri mishumaa miwili iliyofunga mfululizo yenye nguzo zinazofupika. Mmoja hautoshi, mshumaa mmoja wa kupumua ni kawaida hata katikati ya mwendo mkali. Kisha naangalia mshumaa uliobeba nguzo ndefu kuliko zote, ule wa kilele. Kama tunazungumzia mwendo wa kupanda, natafuta mshumaa wowote wa baadaye uliofunga chini ya sehemu ya chini kabisa ya mshumaa huo wa kilele. Ukipatikana, bei na histogramu zinasema jambo moja, na hapo napunguza mzigo. Usipopatikana, ninachokijua ni kwamba kasi imepungua, basi. Siongezi, lakini pia siuzi kwa sababu hiyo.

Angalia kufunga, si mkia. MACD inakokotolewa kwa bei ya kufunga peke yake. Sarafu inaweza kushuka asilimia 15 ndani ya dakika chache watu wa mikopo wakifilisiwa, ikarudi na kufunga ilipokuwa, na histogramu isionyeshe hata mkwaruzo. Mikia mirefu inaonekana kwenye ATR na kwenye akaunti yako kama stop-losi, lile agizo la kuuza lenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, ilikuwa karibu. Kwenye MACD haionekani.

Hatua ya 5: Sifuri mbili zisichanganywe

Kwenye dirisha moja kuna kuvuka sifuri kwa aina mbili. Histogramu ikivuka sifuri, maana yake mstari wa MACD umekatana na mstari wa ishara: kasi ya sasa ni ndogo, au ni kubwa, kuliko kasi ya wastani wa karibuni. Mstari wa MACD wenyewe ukivuka sifuri, maana yake EMA ya 12 imeikata EMA ya 26: mwelekeo wa kasi umegeuka. Hili la pili ni zito zaidi na huja likiwa limechelewa. Mpangilio wa kawaida wa matukio ni kwamba histogramu inageuka, kisha histogramu inavuka sifuri, kisha MACD inavuka sifuri, na kila hatua inakugharimu sehemu ya bei.

Soko likiwa limelala, wastani wa 12 na wa 26 zinasukana kama nywele. MACD inavuka sifuri leo, kesho kutwa inarudi, wiki ijayo inavuka tena. Mtu anayenunua na kuuza kila kuvuka anamalizwa na ada kabla mwendo wa kweli haujaanza. Hapa ndipo ile hesabu ya ATR inajilipa. Mimi siuhesabu uvukaji wa sifuri mpaka MACD, ikishavuka, ifike angalau robo ya ATR upande wa pili kwa bei ya kufunga. Robo hiyo ni mwanzo tu. Rudi nyuma kwenye chati ya sarafu yako, uone uvukaji uliozaa mwendo na ule uliokufa, kisha uisogeze. Kwa sarafu ndogo zinazokaa zimelala na kuruka ghafla, huenda ukaihitaji theluthi.

Kuna jambo jingine kuhusu sifuri ambalo nalipenda kuliko uvukaji wenyewe. Baada ya MACD kukaa juu kwa muda, ikashuka karibu na sifuri, ikakataa kuivuka na histogramu ikarudi kijani, una ushahidi mzuri kwamba kushuka kule kulikuwa kupumzika. EMA ya 12 ilikaribia ile ya 26 na haikuweza kuikata. Ishara hii inakuja mara chache, lakini inakuweka ndani ya mwendo uliopo badala ya kukimbiza mpya.

Hatua ya 6: Bitcoin, Februari hadi Mei 2021

Fungua chati ya siku ya Bitcoin ya kipindi hicho, tuisome pamoja.

Tarehe 8 Februari 2021 Tesla ilitangaza kwamba imenunua Bitcoin za dola bilioni 1.5. Bei ikachomoka na kufika karibu dola 58,000 tarehe 21 Februari. MACD ilipanda pamoja nayo hadi kilele kirefu sana, kwa sababu bei ilipanda makumi ya maelfu ndani ya wiki chache tu. Mwisho wa Februari ilirudi kuelekea dola 45,000, na histogramu ikaenda chini ya sifuri. Mstari wa MACD, hata hivyo, ulibaki juu. Kama ungeuza kila kitu kwa sababu ya histogramu, ungekuwa nje wakati bei inafika dola 61,000 tarehe 13 Machi.

Lakini tazama kilele cha MACD cha Machi. Bei ni ya juu kuliko ya Februari, na MACD iko chini kwa kiasi kikubwa. Kisha Aprili: tarehe 14, siku Coinbase ilipoingia soko la hisa la Nasdaq, Bitcoin iligusa karibu dola 64,800, kilele kipya kabisa, huku MACD ikiwa chini zaidi ya Machi. Bei inapanda ngazi na kipimo kinashuka ngazi. Tukirudi kwenye hesabu ya kugawa kwa 7, maana yake ni nyepesi: kila kilele kipya kilifikiwa kwa mwendo wa polepole kuliko kilichotangulia.

Je, ilikuwa ishara ya kuuza? Kupishana huko kulianza kuonekana Machi, mwezi mzima kabla ya kilele. Aliyeuza Machi alikosea wakati, na aliyeweka dau kwamba bei itashuka aliumia zaidi. Kilichokuwepo ni sababu ya kutoongeza mzigo na ya kusogeza stop-losi karibu.

Ushahidi wa pili ulikuja tarehe 18 Aprili, bei ilipoporomoka siku moja hadi eneo la dola 52,000 kabla ya kujivuta juu kidogo. Wiki iliyofuata MACD ikavuka sifuri kwenda chini, bei ikiwa kama dola 51,000. Hapo unaona gharama ya kusubiri: moja ya tano ya bei ilikuwa imeshaondoka.

Sehemu ninayotaka uikazie macho ni mwanzo wa Mei. Bei ilijikusanya ikapanda hadi dola 58,000 na ushee. Histogramu ilikuwa juu ya sifuri, nguzo za kijani, mitandao imechangamka. Mstari wa MACD ulirudi hadi eneo la sifuri na kuipapasa, ukiachana nayo kwa dola mia kadhaa tu wakati ATR ya siku ilikuwa dola elfu kadhaa. Kwa kigezo cha robo ya ATR, hakukuwa na uvukaji wa kuhesabu. Tarehe 12 Mei Tesla ikasema haitapokea tena Bitcoin kama malipo ya magari. Tarehe 19 Mei bei iligusa dola 30,000.

MACD haikujua chochote kuhusu Tesla. Ilichojua ni kwamba mrejesho ule ulikuwa na kasi ndogo kuliko mtikisiko wa kawaida wa soko lenyewe, na mtu aliyekuwa amejiwekea sharti la ukubwa wa uvukaji hakuwa na sababu ya kurudi na mzigo kamili.

Hatua ya 7: Geuza ushahidi kuwa kiasi cha pesa

Mimi natumia muda mbili. Chati ya siku inaamua upande: MACD ikiwa juu ya sifuri kwa robo ya ATR au zaidi, natafuta kununua tu. Ikiwa ndani ya robo, juu au chini, nakaa pembeni au naingia na nusu. Chati ya saa nne inaamua wakati: nasubiri histogramu iwe chini ya sifuri, igeuke kwa mishumaa miwili iliyofunga, na mshumaa mmoja ufunge juu ya kilele cha ule uliokuwa na nguzo ya chini kabisa.

Tuchukue namba. Una dola 500 na umekubali kupoteza asilimia 1, yaani dola 5, kwenye jaribio moja. Sarafu iko dola 2.40 na ATR ya saa nne ni 0.12. Stop-losi unaiweka ATR mbili chini, yaani 2.16. Umbali ni 0.24, kwa hiyo unanunua sarafu 5 gawanya kwa 0.24, kama 20 hivi, zenye thamani ya karibu dola 50. Watu wengi wakiona dola 50 kwenye akaunti ya 500 wanaona ni kidogo. Sarafu inayotikisika asilimia 5 kila saa nne haihitaji zaidi ya hapo ili ikuumize.

Kutoka kuna ngazi mbili. Histogramu ya saa nne ikigeuka na mshumaa ukafunga chini ya ule wa kilele, nauza nusu. Nusu iliyobaki inasubiri mstari wa MACD wa saa nne uvuke sifuri, au stop-losi, chochote kitakachotangulia. Kuna nyakati nusu ya pili inarudisha faida yote. Hiyo ndiyo bei ya kubaki ndani siku mwendo unapokataa kuisha.

Hatua ya 8: Jua mahali pa kuizima

Geuza lile jaribio la mwanzo: sarafu iko 100, inaanguka hadi 90 kwa mshumaa mmoja, inaganda. Histogramu inafika chini kabisa mshumaa wa nne, inaanza kupauka wa tano, na wa kumi na tano inavuka sifuri kwenda juu. Ishara ya kununua, na bei haijapona hata senti moja.

Sasa iweke kwenye Luna, sarafu ya mtandao wa Terra, ya Mei 2022. Mwanzoni mwa mwezi ilikuwa juu ya dola 80, na kufikia tarehe 13 ilikuwa chini ya senti moja. Baada ya anguko la namna hiyo, EMA zote mbili zinateremka kuelekea karibu na sifuri na pengo kati yao linajifunga lenyewe, kwa sababu hakuna pa kwenda tena. Histogramu ya chati ya siku inapauka, kisha inakuwa kijani, na mtu asiyejua anaona nguvu inarudi. Hakuna nguvu, ni wastani unaoimaliza hesabu yake. Dalili ya kuitambua hali hii ni rahisi: bei ya sasa iko chini mno ya EMA ya 26, nguzo zinapanda kwa utaratibu laini usio na vishindo, na mishumaa kwenye chati ya kawaida imekuwa mstari bapa. Ukiona vitu hivyo vitatu pamoja, funga dirisha la MACD kwa sarafu hiyo mpaka mishumaa mingine 100 ipite.

Vivyo hivyo kwa sarafu inayopampiwa kwenye vikundi. Ikichomoka asilimia 60 ndani ya mshumaa mmoja wa saa nne, histogramu itaendelea kurefuka mishumaa kadhaa hata kama bei imeganda, maana kwenye jaribio letu ilirefuka mpaka wa nne bila msaada wowote wa bei. Nguzo hizo za kijani ni mwangwi wa mshumaa ule mmoja. Kabla ya kuingia, funika MACD kwa kiganja, hesabu mishumaa iliyofunga juu ya ule wa mrusho, na kama hakuna hata mmoja, tafuta sarafu nyingine.